Mkeka wa Saa Nane za Usiku: Mhadhara juu ya Kipindi cha Redio Kuhusu Kukoma Hedhi

 

Naomba nianze na mkeka. Katika muswada wa kipindi cha redio nilichowaandikia wasikilizaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kitu cha kwanza kusikika si sauti ya mtu. Husikika feni ya dari ikizunguka kwa kusuasua, kitanda kikalia, nyayo zikapita, kisha mkeka ukikunjuliwa juu ya saruji. Ni saa nane za usiku, mwisho wa mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umelegea na nyumba imeshika joto la mchana kutwa. Mazungumzo ni haya:

MUME: (kwa sauti ya usingizi) Waenda wapi?

MKE: Nalala hapa chini. Kitandani kwachoma.

MUME: Feni si iko juu yako?

MKE: Wewe lala, baba Saidi.

(Kimya. Feni yasikika peke yake.)

MUME: (akijisemea) Usiku wa tatu huu.

Mchezo mzima umejengwa juu ya mkeka huo. Mke ana miaka 49, na anachokitafuta pale chini ni ubaridi wa saruji. Mume ana miaka 57, na anachokiona ni mgongo aliopewa. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe. Wiki mbili baadaye mume ataketi barazani, atautaja usiku ule wa tatu, na mzee mmoja atamjibu kwa neno ambalo nimelisikia tangu utotoni: "Basi amekauka huyo." Neno hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii. Zile imani tatu ambazo kipindi kinazipinga, kwamba mwanamke aliyekoma hedhi hana thamani tena, hana kazi tena na hana ndoa tena, zote hutoka mdomoni mwa watu kwa neno hilo moja.

Kwanza tujue yanayompata mwanamke wa mkekani. Msichana huzaliwa na mayai yake yote ndani ya ovari, na mengine hayatengenezwi. Mayai yakikaribia kwisha, ovari hupunguza kutoa homoni ya estrojeni, nazo hazipunguzi kwa utaratibu. Leo hutoa nyingi, kesho kidogo, kesho kutwa nyingi tena. Hedhi nayo huyumba: mwezi huu yaja baada ya siku ishirini, mwezi ujao haionekani kabisa. Kwa wengi msukosuko huu huchukua miaka kama minne, kwa wengine zaidi. Miezi 12 mfululizo ikipita bila damu, na hakuna sababu nyingine ya kuizuia, ndipo tunasema hedhi imekoma. Wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayefika kabla ya miaka 40 asikae nyumbani akajifariji kwamba kwao ndivyo walivyo. Aende akapimwe, maana mifupa na moyo wake vitakaa miaka mingi mno bila ya homoni hiyo.

Vitabu vya fikihi humtaja mwanamke huyu kwa neno la Kiarabu lenye maana ya aliyekata tamaa, na wengi wetu tumelisikia darsani tukadhani ni tamaa ya maisha. Anachokatia tamaa ni kuiona damu tena, basi. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu hukumu iliyowekwa pale ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tuje kwenye joto lenyewe. Ndani ya ubongo mna sehemu inayochunga joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, mchungaji huyu huwa mwepesi wa kushtuka: joto likiongezeka kidogo tu, kiasi ambacho zamani asingekijali, hufungua mishipa ya ngozi na kuamuru jasho. Mwanamke husikia moto ukipanda kutoka kifuani kwenda shingoni na usoni, moyo unamdunda, kanga inalowa, na baada ya dakika chache moto unaondoka na kibaridi kinafuata. Usiku mmoja waweza kuja mara nne, mara tano. Huo ndio usiku wa mkekani.

Hapa Pwani jambo hili lina kosa lake maalumu. Mtu atokwaye jasho usiku kisha akasikia baridi, kila mtu humwambia ana malaria. Nilisafiri na mama mmoja katika kivuko cha Likoni aliyeniambia kwamba ndani ya nusu mwaka alikuwa amemeza dozi nne za dawa ya malaria, zote za dukani, na hakuna hata moja iliyotanguliwa na kipimo. Mumewe alikuwa amechoka kuoa mgonjwa, ndivyo alivyoniambia, na tulikuwa hatujafika upande wa kisiwani. Kutofautisha mambo haya mawili si kazi ngumu. Homa ya malaria hukaa kwa saa nyingi, kipimajoto kwapani husoma nyuzi 37.5 na kupanda, na tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika ishirini hivi. Joto la kukoma hedhi huondoka kabla chai haijapoa, na kipimajoto hakioni homa. Katika muswada, muuguzi anamtuma mke akaweke kipimajoto wakati ule ule moto unapopanda, wala si asubuhi. Na anaongeza jambo moja ambalo sikutaka lipotee: jasho la usiku likifuatana na kikohozi cha wiki mbili na kupungua mwili, lisihesabiwe kuwa ni la umri. Kipimwe kifua kikuu.

Muswada wa kwanza kabisa haukuwa na mkeka wala kipimajoto. Niliujaza sifa. Mwanamke ni nguzo, umri ni hekima, nyumba bila bibi ni gofu. Kurasa nane za maneno ya namna hiyo. Nilipousoma mbele ya akina mama wa chama kimoja cha Mtongwe, walinisikiliza kwa adabu na wengine wakaitikia. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akikunjakunja pindo la leso akasema taratibu: "Mwanangu, hayo yote mazuri. Lakini mimi mume wangu akinikaribia naumia kama nimetiwa mchanga. Nifanye nini?" Wenziwe hawakucheka. Wanne au watano walitazama chini. Nilijua pale pale kwamba nimewapelekea sifa watu waliokuwa wakihitaji dawa, na ule muswada sikuutumia tena.

Kwani neno "amekauka" lina ukweli mdogo ndani yake, na ukweli huo ndio unaolipa nguvu barazani. Ukiupita kwa sifa, msikilizaji atakuona humjui. Estrojeni ndiyo inayoufanya ukuta wa uke uwe mnene, wenye mikunjo na wenye majimaji. Ikipungua, ukuta hunywea, hukosa mnyumbuko na unyevu, na ile asidi inayowafukuza vijidudu hupungua. Mwanamke huona ukavu na mwasho, tendo la ndoa huuma, pengine hufuatiwa na matone ya damu, na haja ndogo huja kila mara tena kwa kuchoma. Lile joto la usiku hupoa lenyewe baada ya miaka. Ukavu hauponi wenyewe, ukiachwa, huzidi. Mwenye kuambiwa avumilie kwamba yatapita, ameambiwa asubiri kitu kisichokuja.

Basi kilichokauka ni utando tu, na una tiba. Baraza limeuchukua utando huo likamkausha mwanamke mzima.

Hapa tulikuwa na shida ya maneno. Kipindi kinarushwa saa tatu za usiku, baada ya sala ya isha, na watoto wengine huwa macho. Mwenye kipindi alitaka tuseme "sehemu za siri." Nilikataa, maana kwa maneno hayo msikilizaji hawezi kujua kama tunasema njia ya mkojo, ya uzazi au ya haja kubwa, na dawa ya moja si ya nyingine. Tulikubaliana tutangulize onyo kwa wazazi, kisha tuseme "uke" kama lilivyo, kwa sauti ya kawaida, bila kulipunguzia mwendo. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Mtu wa kuyasema hayo mchezoni hakuwa daktari. Nilimpa kazi hiyo somo. Mnajua nyote desturi yetu: msichana akivunja ungo hupewa somo wa kumfunda, na siku ya arusi somo yuko naye. Mji huu ulikuwa na makungwi waliojulikana kwa majina. Maisha ya mmoja wao, Mishi wa Abdala, yamo katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989, kinachosimulia wanawake watatu wa Mombasa. Jambo lililonishangaza nilipofikiri ni hili: tulimwekea msichana mwalimu wa damu inapoanza, na hatukumwekea mwalimu wa damu inapokoma. Nikaona somo yule yule arudi baada ya miaka thelathini.

MKE: Somo, nina haya.

SOMO: Haya ulikuwa nayo hata siku niliyokufunda, na ulisema. Sema na leo.

MKE: Nikikaribiwa naumia. Nimeacha.

SOMO: Mumeo umemwambiaje?

MKE: Nimemwambia nimechoka.

SOMO: Naye akajua umemchoka yeye.

MKE: (baada ya kimya) Nimenunua shabu. Wasema yarudisha usichana.

SOMO: Iko wapi? Nipe hapa.

Shabu ile iliwekwa kwa makusudi. Wengi wenu mnaijua, jiwe jeupe linalong'aa kama barafu, lauzwa kwa bei ndogo na wanawake huitia maji wakajioshea ili kukaza. Kazi ya shabu ni kunyonya unyevu na kukunyata nyama. Kwa mwanamke ambaye tatizo lake ni ukavu na utando mwembamba, hiyo ni kuongeza moto penye moto. Utando huchanika, vidonda vidogo visivyoonekana hufunguka, na kupitia vidonda hivyo virusi vya ukimwi hupata njia nyepesi. Sabuni ya kunukia ndani ya uke nayo hukausha, na dawa za maji za kuulia vijidudu huchoma. Udi na ubani vina heshima zao chumbani na katika nguo. Kukaa juu ya chetezo kwa muda mrefu ili kujikausha ni jambo ambalo somo anamkataza mke waziwazi.

Kisha somo anamweleza lifanyalo kazi, hatua kwa hatua, na hapa niliwapa waigizaji muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika kipindi. Kwanza mume aambiwe, kwa sababu mwili wa umri huu huchelewa kuwa tayari, na haraka ya mume ni nusu ya maumivu. Pili, wakati wa tendo itumike jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, ambayo huuzwa duka la dawa bila cheti. Mafuta ya nazi wengine huyatumia na huwafaa, lakini yanaozesha mpira wa kondomu, hivyo wanaotumia kondomu wayaache. Jeli ni ya saa ile tu. Dawa inayorudisha utando wenyewe ni estrojeni ya kutia mahali penyewe, krimu au kidonge kidogo: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu. Haitibu kwa siku mbili. Nafuu huonekana baada ya wiki kadhaa, na mwanamke asiyejua hilo huitupa siku ya tano akasema amepoteza pesa zake. Kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo sana, tofauti na vidonge vya homoni vya kumeza. Hata hivyo huandikwa na daktari, na mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuugua, lazima amwambie daktari kwanza. Si kila zahanati inayo, na si kila duka huiweka. Hilo tulilisema hewani, kwa sababu ni vibaya kumwonyesha mtu dawa kana kwamba ipo mlangoni.

Kabla sijatoka katika nyumba hiyo, jambo moja la mume. Muuguzi alipomaliza na mke alimgeukia yeye akamwuliza: "Na wewe baba, sukari umepima lini? Presha je?" Mume wa miaka 57 mwenye sukari isiyotibiwa huanza kushindwa kitandani kwa sababu ya mishipa yake mwenyewe, na mara nyingi hiyo huja miaka ile ile mkewe anapokoma hedhi. Ni rahisi mno lawama zote kumwangukia aliyekwisha kuitwa mkavu. Kuna nyumba ambazo wawili wote walikuwa na ugonjwa wenye tiba na mmoja tu ndiye aliyehukumiwa.

Sasa nije kwenye simu iliyotufundisha zaidi ya muswada wote. Baada ya sehemu ya kwanza kurushwa, tulifungua laini. Mama mmoja alipiga kutoka Mikindani, mwenye sauti ya furaha. Ana miaka 58. Hedhi ilikoma miaka sita iliyopita. Mwezi huu imerudi, mara mbili. Jirani zake wamempigia vigelegele kwamba amerudi ujanani, na mumewe naye amefurahi. Alipiga kutuambia kwamba si kweli kwamba inakoma! Mtangazaji wetu, kijana mwema, alianza kumpongeza. Nilikuwa upande wa pili wa kioo. Nilimwandikia kwa herufi kubwa: AENDE HOSPITALI.

Tazameni jinsi imani ilivyogeuka sura. Tukiamini kwamba thamani ya mwanamke imo katika damu, basi damu yoyote itakayokuja tutaipokea kwa furaha. Lakini baada ya miezi 12 kamili, hakuna damu ya kufurahiwa, hata tone, hata doa la rangi ya kutu. Katika kila wanawake kumi wanaotokwa damu baada ya hedhi kukoma, tisa hivi huwa na sababu isiyo saratani: utando mwembamba niliousema, kinyama kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, au dawa za homoni. Wa kumi hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ugonjwa huu una rehema moja, kwamba karibu kila mwenye nao hutokwa damu mapema, kabla haujaenda mbali. Damu ndiyo kengele, na sisi tunaipigia vigelegele. Saratani ya shingo ya uzazi nayo huja kwa damu hiyo hiyo, na katika Kenya yetu, kwa makadirio ya mwaka 2020, iliwapata wanawake zaidi ya 5,000 na kuwaua zaidi ya 3,000.

Kutokana na simu ile niliandika sehemu ya pili. Jirani wa mke wetu, wa miaka 58, ametokwa damu. Anakwenda zahanati iliyo karibu naye Changamwe, na hapo niliweka kosa linalotokea kweli: anapimwa kwa siki. Kipimo hicho ni kizuri kwa mwanamke kijana. Shingo ya uzazi hupakwa siki na sehemu mbaya hugeuka nyeupe. Lakini baada ya hedhi kukoma, ile sehemu ambapo ugonjwa huanzia hurudi ndani ya njia ya shingo, na jicho la muuguzi haliifikii. Akiambiwa "u mzima," hajaambiwa kitu. Zaidi ya hayo, kipimo cha siki ni cha mtu asiye na dalili. Mwenye damu tayari ana dalili, na haki yake ni uchunguzi kamili. Katika mchezo binti yake anamrudisha na kusema maneno haya mawili, ambayo tuliwaomba wasikilizaji wayashike wayaseme vile vile dirishani: hedhi yangu ilikoma mwaka fulani, na sasa natokwa damu. Daktari akisikia hayo hana budi kumtazama shingo ya uzazi kwa kifaa na kumpeleka kwenye mashine ya ultrasaundi, pengine Hospitali Kuu ya Pwani kule kisiwani. Mashine hupima unene wa ukuta wa ndani. Ukiwa milimita 4 au chini yake, saratani ni nadra, ingawa damu ikirudi naye arudi. Jirani wetu alipimwa milimita 11. Hapo huchukuliwa kinyama kidogo kwa mrija mwembamba, huuma kwa dakika moja mbili, na hupelekwa maabara.

Wenzangu studioni walitaka jibu lake liwe saratani, ili watu waogope waende. Tulibishana. Nilikataa, na kinyama cha jirani kikatoka kuwa uvimbe mdogo usio na madhara, ukatolewa, akarudi nyumbani siku ile ile. Sababu yangu ilikuwa kwamba mwanamke anayeamini kuwa hospitali itamwambia saratani atakaa nyumbani na damu yake mpaka harufu imtoe. Yule anayejua kwamba tisa kati ya kumi hurudi na habari njema, hupanda matatu. Yule wa kumi tulimtaja wazi, kwa sauti ya somo, na hatukumficha.

Na yule mke wa miaka 49? Aliniandikia msikilizaji mmoja kuuliza kama mtu akikosa hedhi miezi mitatu aweza kuacha kuzuia mimba. Asiache. Mpaka miezi 12 itimie kwa aliyevuka miaka 50, na miezi 24 kwa ambaye hajaivuka, yai moja laweza kutoka bila taarifa. Kuna vitinda mimba wengi pande hizi waliokuja kwa hesabu hiyo.

Sasa nirudi kwenye hukumu niliyoiahidi. Sehemu ya tatu tulimleta sheikh, na sikumwomba atoe mawaidha. Nilimwuliza swali moja: mwanamke asiyeona hedhi tena, akiachwa, hukaa eda vipi? Alijibu kwamba Sura ya At-Talaq imelieleza: eda yake ni miezi mitatu, badala ya kuhesabu hedhi au twahara. Nikamwuliza tena: hiyo eda hukaa nani? Akasema, mke. Aliyeingiliwa na mumewe, katika ndoa iliyo hai mpaka siku ya talaka. Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea mwenyewe kwamba Qur'ani isingemwekea hesabu mwanamke huyu kama kukoma kwa damu kungekuwa kumeshaivunja ndoa yake, na kwamba chakula, malazi na mavazi yake hayapungui kwa sababu ya umri. Baadaye mzee mmoja wa Kisauni alipiga akauliza kama tunapinga mitala. Hatukupinga wala hatukuigusa. Tuliigusa sababu inayotolewa, ya kwamba huyu wa kwanza amekwisha. Kwa wasikilizaji Wakristo, ambao Changamwe na Mikindani wamejaa, tulisoma orodha ya sababu za talaka katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014: yamo zinaa, ukatili, kutelekezwa, na ndoa kuvunjika isirekebishike. Kukoma hedhi hakumo.

Juu ya kazi na manufaa nitasema machache, kwa kuwa anayeamka saa tisa za usiku kukuna nazi za mahamri Likoni anajulikana ni nani, na anayelea wajukuu ili binti aende kazini Shelly Beach au Bamburi anajulikana pia. Lakini kuna utafiti mmoja uliofanyika jirani zetu Tanzania ambao nauona mzuri. Tangu miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wakahesabu nani anafanya kazi saa ngapi. Waliokuwa wakichimba kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana walikuwa mabibi waliokwisha kukoma kuzaa. Na mama akijifungua mtoto mpya, uzito wa yule aliyetangulia kuzaliwa ulifuata bidii ya bibi yake. Kutokana na hayo Hawkes alijenga hoja kwamba mwanadamu mwanamke huishi miaka mingi baada ya hedhi kwa sababu miaka hiyo ililisha watoto. Wataalamu wengine hubishana naye juu ya chanzo, ila zile saa za kuchimba zilihesabiwa. Nilipousoma hewani, bibi mmoja wa Mtopanga alipiga simu kusema, "Hao wazungu wangekuja kwangu wangemaliza kazi kwa siku moja."

Nimalizie na tulivyomaliza kipindi. Mume amekwisha kuzungumza na muuguzi, ameambiwa moto huo ni nini. Ni usiku tena, saa nane. Feni, kitanda, nyayo, mkeka. Kisha, baada ya kitambo, kitanda chalia mara ya pili.

MKE: Wafanyani?

MUME: Nalala chini.

MKE: Na mgongo wako?

MUME: Utauma. Nambie, huo moto huanzia wapi?

MKE: Hapa, kifuani. Kisha wapanda.

MUME: Umeanza?

MKE: Waanza sasa.

(Mkono wapapasa saruji. Kipepeo cha ukindu chaanza kupepea, polepole.)

Fundi mitambo alitaka kuingiza taarabu pale. Nilimwomba aache kipepeo kisikike peke yake, mpaka joto lipite, na tulikiacha dakika moja na nusu.